Neti 30 inaisha lini hasa? Mwongozo kamili wa kuhesabu siku za ankara, wikendi na sikukuu ndani yake

Ankara nyingi zinazozunguka hapa Mombasa na Nairobi ukishuka mpaka chini utakuta pameandikwa `Net 30` halafu basi, hakuna tarehe. Aliyeandika anajua ni siku 30, aliyepokea naye anajua ni siku 30, kila mtu ametulia. Lakini waweke meza moja na kalenda moja uwaambie wahesabu, watatoka na tarehe tatu, nne tofauti, na kila mmoja ana haki yake. Hapo ndipo ugomvi wa sapulaya na watu wa akaunti unapozaliwa, na sanasana si kwa sababu mtu hataki kulipa, ni vile hakuna aliyesema siku zinaanza wapi na zikigonga Jumapili inakuwaje.

Naandika nikimfikiria sapulaya mdogo wa Kenya anayeuzia kampuni ama hoteli kwa LPO, yaani ile oda ya maandishi ya mnunuzi, sababu ndiyo kazi ninayoifahamu. Ukiwa Tanzania ama Uganda hesabu ya siku ni ile ile, sheria za kodi na sikukuu ndizo utabadilisha.

Tuchukue mfano mmoja twende nao mpaka mwisho. Unauzia hoteli sabuni na dawa za kusafishia, mzigo wa shilingi 300,000, VAT ya asilimia 16 ni 48,000, jumla 348,000. Mzigo umeshushwa Jumatatu tarehe 2 Machi 2026 na delivari noti ikasainiwa. Ankara umeitoa Jumatano tarehe 4 Machi. Kule hotelini imekaa kwa mlinzi, ikapita kwa stoo, ikafika akaunti na kugongwa mhuri Ijumaa tarehe 6 Machi. Masharti ni neti 30. Sasa wewe niambie, unalipwa lini?

Hatua ya 1: kubalianeni siku inayoanzisha saa

Hii ndiyo kubwa kuliko zote na watu wanairuka. Neti 30 maana yake pesa yote ilipwe ndani ya siku 30, lakini 30 kutoka wapi? Pale juu tuna tarehe tatu na kila moja ina mwenyewe. Stoo anakumbuka tarehe 2 aliposaini mzigo, wewe unakumbuka tarehe 4 ulipotoa ankara, na dada wa akaunti anaangalia mhuri wake wa tarehe 6 na hajali kingine. Ukihesabu kutoka kushusha mzigo unafika Jumatano 1 Aprili. Kutoka tarehe ya ankara, Ijumaa 3 Aprili. Kutoka kwa mhuri, Jumapili 5 Aprili.

Kawaida ya biashara neti 30 huhesabiwa kutoka tarehe ya ankara. Ila kampuni kubwa nyingi zina masharti yao yamechapishwa nyuma ya LPO kwa herufi ndogo ndogo, na humo mara nyingi wanasema siku zinaanza siku ankara "sahihi na kamili" ikipokelewa. Ukishapokea hiyo LPO ukapeleka mzigo bila kusema neno, hayo ndiyo watakayokushikia, na ile `Net 30` uliyoichapa kwenye ankara yako wiki moja baadaye haina nguvu ya kuyabadilisha. Ankara inakuja wakati mapatano yashafanyika. Kwa hivyo masharti yako yaweke kwenye kwotesheni, kabla LPO haijatoka, na LPO ikija igeuze nyuma usome. Ukiona imesema kitu tofauti waandikie imeili siku hiyo hiyo, mistari miwili inatosha.

Halafu kuna eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA. Tangu Januari 2024 mteja wa biashara anataka ankara iliyopita eTIMS sababu bila hiyo KRA haimkubalii ile gharama kwenye hesabu ya kodi yake. Kwa hivyo ukimtumia ankara ya kawaida uliyoichapa kwenye kompyuta tarehe 4, halafu ile ya eTIMS ukaitoa tarehe 9 vile ulikuwa bize, usishangae akihesabu kutoka tarehe 9, na kusema kweli hapo sina la kukutetea, ankara "kamili" kwake ni ile. Toa ya eTIMS siku ile ile, tuma kwa imeili ya akaunti moja kwa moja, na kama kampuni yao ni ya mhuri basi mpelekaji arudi na nakala iliyogongwa. Kumwachia mlinzi getini si kupeleka ankara.

Kwenye mfano wetu tuseme mlikubaliana tarehe ya ankara. Tunaanzia 4 Machi.

Hatua ya 2: hesabu, na siku ya kwanza usiihesabu

Tarehe ya ankara yenyewe ni sifuri. Siku ya 1 ni kesho yake, yaani Alhamisi 5 Machi. Kutoka hapo mpaka 31 Machi ni siku 27, ongeza tatu unaangukia 3 Aprili. Ndiyo siku ya 30.

Kuna wanaohesabu 4 Machi kama siku ya 1 na wanafika 2 Aprili. Utasema aaah, siku moja tu, tugombane kwa siku moja? Subiri. 2 Aprili 2026 ni Alhamisi, benki ziko wazi, watu wako kazini. 3 Aprili ni Ijumaa Kuu. Halafu Jumamosi, halafu Jumapili ya Pasaka, halafu Jumatatu ya Pasaka nayo ni sikukuu. Kwa hivyo aliyehesabu mpaka tarehe 2 anatarajia pesa Alhamisi, na aliyehesabu mpaka tarehe 3 na kusogeza mbele analipa Jumanne tarehe 7. Tofauti ya siku moja kwenye vidole imekuwa siku tano kwenye akaunti, na ni siku tano za mwanzo wa mwezi ambapo kodi ya nyumba na mishahara ya vijana vinakungoja.

Kuacha siku ya kwanza ndiyo njia inayokubalika zaidi, na hata sheria ya Kenya ya kufasiri sheria, ile Sura ya 2, kifungu cha 57, inahesabu hivyo: siku ambayo jambo limetokea haingii kwenye hesabu. Kumbuka tu kwamba kifungu hicho kinahusu muda uliowekwa na sheria zilizoandikwa, hakikuja kuamua ankara za watu binafsi. Ni mfano mzuri wa kumwonyesha mtu anayebisha, lakini kinachowafunga nyinyi wawili ni mlichokubaliana.

Kingine, siku 30 si mwezi mmoja. Ankara ya 30 Januari 2026 ukiongeza siku 30 inafika 1 Machi. Mteja akisikia "mwezi mmoja" anatafuta 30 Februari, haipo, basi anaamua mwenyewe. Ukitaka mwezi sema mwezi, ukitaka siku sema siku, na usiseme "siku 30 za kazi" ukidhani unaonekana mtaalamu. Siku 30 za kazi ni wiki sita nzima, na sikukuu zikiwemo hapo katikati inapita. Ankara yetu ya 4 Machi ingelipwa baada ya katikati ya Aprili.

Na ukiona mteja ameandika neti 30 kutoka mwisho wa mwezi, hiyo ni kitu kingine kabisa. Hapo unaruka kwanza mpaka 31 Machi halafu ndiyo unaanza kuhesabu 30, unafika Alhamisi 30 Aprili. Masharti haya utayakuta kwa wanunuzi wakubwa wanaofunga hesabu ya mwezi kwa mkupuo mmoja. Ankara ya tarehe 1 Machi na ya tarehe 31 Machi zote zinalipwa siku moja, kwa hivyo kama umeshusha mzigo tarehe 30 ama 31, ankara usiilaze mpaka mwezi ugeuke, utajinyima siku 30 nzima kwa uvivu wa jioni moja.

Hatua ya 3: jua wikendi kabla hujatoa ankara

Hapa kuna kitu kidogo ambacho wengi hawajawahi kukitilia maanani. Siku 30 ni wiki nne kamili na siku mbili zaidi. Maana yake tarehe ya mwisho ya neti 30 siku zote inaangukia siku mbili mbele ya siku ya wiki uliyotoa ankara. Jumatatu inaenda Jumatano. Jumanne inaenda Alhamisi. Jumatano inaenda Ijumaa. Alhamisi inaenda Jumamosi na Ijumaa inaenda Jumapili, kila mara, mwaka wowote, mwezi wowote.

Sasa fikiria watu wangapi wana tabia ya kutoa ankara zote za wiki siku ya Ijumaa jioni. Kila ankara ya hivyo ni ya Jumapili. Kabla mteja hajafanya chochote wewe mwenyewe umeshampa mpaka Jumatatu, na kama Jumatatu ni sikukuu basi Jumanne. Ukihamisha hiyo kazi Jumatatu ama Jumanne asubuhi ugomvi mzima wa wikendi unakwisha bila kuongea na mtu, zinabaki sikukuu peke yake. Mimi hiki ndicho ningekianza kabla ya kuanza kubishana na wanasheria wa watu juu ya vifungu.

Masharti mengine hesabu inahama. Neti 45 ni wiki sita na siku tatu, hapo Jumatano na Alhamisi ndizo zinazogonga wikendi. Neti 60 ni wiki nane na siku nne, hapo ni Jumanne na Jumatano. Neti 7 na neti 14 zinarudi siku ile ile ya wiki kwa hivyo hazina shida ukitoa ankara siku ya kazi. Neti 90 inarudi nyuma siku moja, ankara ya Jumatatu inadondokea Jumapili.

Sikukuu ni mtihani wa pili. Zile zenye tarehe unazijua: 1 Mei, 1 Juni, 10 Oktoba, 20 Oktoba, 12 Desemba na hizo nyingine. Kwa sheria ya sikukuu ya Kenya, sikukuu ikiangukia Jumapili, inayofuata ndiyo inakuwa ya mapumziko, ila ikiangukia Jumamosi haihamishwi, imepotea hivyo. Idd sasa ndiyo haijulikani mapema, inangoja mwezi uandame na tangazo la serikali hutoka siku chache kabla, kwa hivyo ankara ya siku 30 kabla ya Idd unaweza kuandika tarehe safi kabisa halafu ikageuka sikukuu ukiwa njiani. Ndiyo maana tarehe peke yake haitoshi, unahitaji na kanuni.

Hatua ya 4: chagua kanuni ya kusogeza, mbele ama nyuma

Siku ya mwisho ikigonga siku isiyo ya kazi kuna njia tatu ambazo watu hutumia.

Ya kwanza ni kusogeza mbele, unalipa siku ya kazi inayofuata. Ndiyo wanunuzi wengi wanaifuata hata bila kuiandika, na kile kifungu cha 57 nacho kinasogeza mbele muda wa kisheria ukiishia Jumapili ama sikukuu. Kwenye mfano wetu inatupa Jumanne 7 Aprili. Na angalia jambo la kuchekesha, hata yule wa mhuri aliyefika Jumapili 5 Aprili naye anasogezwa mpaka Jumanne 7 Aprili, Pasaka imewapatanisha.

Ya pili ni kurudi nyuma, unalipa siku ya kazi iliyotangulia, kwetu ni Alhamisi 2 Aprili. Hii sapulaya anaipenda, ila mnunuzi atakwambia umemnyang'anya siku yake, na kweli umemnyang'anya, neti 30 yake imekuwa 29. Ukiuzia duka la kawaida unaweza kuipata, ukiuzia kampuni yenye idara ya sheria utapoteza muda.

Ya tatu inatumika sana na mabenki kwenye mikopo: sogeza mbele, isipokuwa ukisogeza utaingia mwezi mwingine, basi hapo rudi nyuma. Inaleta maana kwa mtu anayelipwa mwisho wa mwezi. Chukua deni linalotakiwa 31 Mei 2026, hiyo ni Jumapili, na Jumatatu 1 Juni ni Madaraka. Kusogeza mbele kunakupeleka Jumanne 2 Juni, kwa njia hii ya tatu unalipwa Ijumaa 29 Mei na vitabu vya Mei vinafungwa vikiwa safi.

Mkiwa hamjaandika chochote, usijidanganye kwamba ukipiga simu Jumamosi ukisema "umechelewa" una hoja. Hata kama kwenye kalenda muda umeisha, mnunuzi atakwambia benki ilifungwa na hakuna atakayemlaumu. Mimi ukiniuliza, kwa mteja mkubwa kubali kusogeza mbele, halafu wewe toa ankara mwanzo wa wiki. Unapata karibu kile kile bila vita.

Na kama unatoa punguzo la kulipa mapema, ile ya `2/10 Net 30`, yaani asilimia 2 inatoka ukilipa ndani ya siku 10, kanuni iseme waziwazi kama inagusa punguzo pia. Siku 10 kutoka 4 Machi ni Jumamosi 14 Machi. Mteja akilipa Jumatatu 16 akakata shilingi 6,960, amekosea ama hajakosea? Hapa ningeandika punguzo halisogezwi, sababu punguzo ni zawadi ya kuwahi, deni ndilo linalosogezwa. Lakini liandikwe, usilianzishe siku ya ugomvi.

Hatua ya 5: amueni "kulipa" ni nini

Mteja akikubali kwamba siku ya mwisho ni Jumanne 7 Aprili, bado anaweza kusema amelipa Jumanne na wewe ukaona pesa Jumatano, sababu kwake kulipa ni kuandika cheki ama kubonyeza kitufe, kwako kulipa ni pesa kusoma kwenye akaunti.

Hapa njia ya malipo ina kazi kubwa. Nchini Kenya cheki na EFT haziruhusiwi kupita shilingi milioni moja tangu 2009, juu ya hapo ni RTGS, ile ya kuhamisha pesa kubwa benki kwa benki, na RTGS inatembea siku za kazi za benki. Cheki ukiibanki nayo ni siku ya kazi ya benki. Pesalink inaingia hata Jumapili usiku, na kikomo chake ni chini kidogo ya milioni moja kwa muamala. M-Pesa kikomo ni 250,000 kwa mara moja, kwa hivyo 348,000 zetu hazitoshei muamala mmoja, lakini Pesalink zinatosha.

Kwa maana hiyo sababu ya "benki imefungwa" si ya kila deni. Deni la milioni tatu la RTGS lazima lingoje, hakuna namna. Deni la 348,000 lingeweza kulipwa Ijumaa Kuu yenyewe kama mtu wa kuidhinisha yupo, na mara nyingi shida ndiyo hiyo, wenye kuidhinisha ni wawili na mmoja ameenda ushago tangu Alhamisi mchana. Mtu akikwambia "tumetuma RTGS Ijumaa" na Ijumaa ilikuwa sikukuu, mwombe kwa heshima karatasi ya benki, itakuwa na tarehe. Ikisoma Jumanne asubuhi basi amelipa siku ya kazi inayofuata, sawa, hajavunja kitu. Ikisoma Alhamisi ya tarehe 9, hiyo si Pasaka tena, hiyo ni kuchelewa na Pasaka imetumiwa kama blanketi.

Ulizia pia siku yao ya kulipa. Kuna kampuni hulipa Ijumaa peke yake, nyingine tarehe 15 na mwisho wa mwezi. Kama wanalipa Ijumaa na deni lako limesogezwa mpaka Jumanne 7 Aprili, mfumo wao utaliweka Ijumaa tarehe 10 ukilala. Swali la kuuliza mapema ni hili: deni likiiva katikati, mnalilipa kwenye mzunguko wa kabla ama wa baada? Wengi hawajawahi kuulizwa hivyo na watakujibu vizuri.

Hatua ya 6: andika tarehe kamili pamoja na kanuni

Acha kuandika `Net 30` pekee. Weka tarehe, weka siku ya wiki, halafu sentensi za kanuni. Kwa ankara yetu, ukikubali kusogeza mbele, inaweza kusomeka hivi:

"Malipo ni ndani ya siku 30 za kalenda kutoka tarehe ya ankara hii, tarehe yenyewe haihesabiwi. Siku ya mwisho ikiwa Jumamosi, Jumapili ama sikukuu ya kitaifa ya Kenya, malipo yafanywe siku ya kazi inayofuata. Tarehe ya mwisho ya kulipa ankara hii ni Jumanne 7 Aprili 2026. Malipo yamekamilika pesa zikiingia kwenye akaunti yetu."

Siku ya wiki usiiache. Inamfanya msomaji aone kwamba wikendi na Pasaka umeshazihesabu, na ikiwa umekosea kuhesabu itagongana na tarehe mapema kabla ya mtu mwingine kuiona.

Ukiwa na ankara nyingi tumia Excel ama Google Sheets. Weka tarehe ya ankara kwenye A2 na sikukuu za mwaka ziorodheshe kutoka H2 mpaka H20. Mstari wa kwanza unakupa siku ya 30 ilivyo kwenye kalenda, wa pili unasogeza mbele, wa tatu unarudi nyuma, wa nne ni ile neti 30 kutoka mwisho wa mwezi kabla hujaisogeza:

```
=A2+30
=WORKDAY(A2+30-1,1,$H$2:$H$20)
=WORKDAY(A2+30+1,-1,$H$2:$H$20)
=EOMONTH(A2,0)+30
```

Ile kutoa moja na kuongeza moja inaonekana ni uchawi lakini maana yake ni rahisi, unarudi hatua moja kabla ya siku yenyewe halafu unauliza siku ya kazi inayofuata ni ipi, hivyo kama siku ya 30 tayari ni ya kazi inabaki hapo hapo. Kujaribu, weka 4 Machi 2026 na kwenye orodha uwe na 3 na 6 Aprili. Ya pili lazima itoe 7 Aprili, ya tatu 2 Aprili. Ikikupa 6 Aprili basi Jumatatu ya Pasaka umeisahau kwenye orodha. Ikikupa tarakimu kubwa kama 46119 hesabu haijakosea, seli tu haijawekwa muundo wa tarehe. Na Idd ikitangazwa rudi uiongeze kwenye orodha, tarehe zitajisogeza zenyewe.

Hatua ya 7: linganisha na KRA, sababu wao wanasogeza upande mwingine

Hapa ndipo sapulaya mdogo anapoumia bila kujua. VAT ya ankara za Machi inatakiwa kabla ya kuisha tarehe 20 Aprili, na KRA haiulizi kama hoteli imekulipa, inaangalia ankara umeitoa. Kwa neti 30 ya kawaida tuliyoifanya, hoteli inalipa 7 Aprili na unabaki na siku za kutosha kupeleka VAT. Kwa neti 30 kutoka mwisho wa mwezi unalipwa 30 Aprili, kwa hivyo zile 48,000, ukitoa VAT uliyolipa wewe wakati wa kununua, zinatoka mfukoni mwako siku 10 kabla ya pesa ya mteja. Ukipewa masharti hayo kwenye LPO hiyo pesa ihesabu kwenye bei, usiigundue Aprili 18.

Sasa wikendi. Deni la mteja huwa linasogea mbele, lakini sheria ya taratibu za kodi ya 2015, kifungu cha 77, inasema tarehe ya kodi ikiangukia Jumamosi, Jumapili ama sikukuu, siku ya mwisho ni siku ya kazi iliyotangulia. Inarudi nyuma! Juni 20 mwaka 2026 ni Jumamosi, kwa hivyo VAT ya Mei mwisho wake ni Ijumaa 19 Juni. Septemba 20 ni Jumapili, unarudi mpaka Ijumaa 18. Na VAT ya Septemba haijawahi kuwa na tarehe 20 yake, sababu 20 Oktoba ni Mashujaa kila mwaka, 2026 utalipa Jumatatu 19 Oktoba. Mteja aliyepanga kukulipa tarehe 20 Oktoba atasogea 21, wewe umeshavutwa mpaka 19, na hizo siku mbili hapo katikati lazima uwe umejipanga.

Hatua ya 8: kumbusha kabla ya sikukuu

Kukumbusha Jumanne 7 Aprili ni kuchelewa, siku hiyo wametoka Pasaka na meza imejaa. Siku nzuri ilikuwa Jumatatu 30 Machi, wiki bado mbichi na wenye kuidhinisha wote wapo. Usiulize "mtanilipa lini", hilo linajibiwa "hivi karibuni". Uliza kitu kinachojibika kwa ndiyo ama hapana, kwa mfano:

"Habari ya asubuhi dada, shikamoo na pole na kazi. Ile ankara ya 4 Machi ya 348,000 inaiva Ijumaa Kuu, kwa mapatano yetu mwisho ni Jumanne tarehe 7. Naomba kujua kama imeshaingia kwenye malipo ya wiki hii ama itangoja baada ya Pasaka, na kama kuna karatasi yoyote imepungua niilete leo."

Hilo la karatasi iliyopungua ndilo linalofichua mengi. Akikujibu "delivari noti haina mhuri wa stoo", hiyo ankara haikuwa imeanza hata kuhesabiwa kwao, na umegundua ukiwa bado na siku nne za kazi za kurekebisha. Akinyamaza mpaka Jumatano, piga simu Alhamisi asubuhi kabla ya saa nne, mchana hutampata mtu.